Washawishi wadogo wa mitandaoni kwa biashara ya mtaani: jinsi ya kuwachagua na kupima kama wafuasi wao ni wa kweli au wa kununua (maswali yanayoulizwa mara kwa mara)

Majibu haya yameandikwa kwa mwenye biashara ndogo anayetaka kumlipa mtu wa Instagram au TikTok amtangazie bidhaa, na ambaye hana idara ya masoko wala wakala wa kumfanyia ukaguzi. Mfano unaotumika kote ni wa karakana ndogo ya Tanga inayotengeneza mafuta ya nazi ya nywele, ikiyauza Tanga mjini na kuyatuma Dar es Salaam kwa basi. Karakana hiyo, watu wake na namba zake vimetungwa ili hesabu ionekane.

## Mambo ya msingi

1. Mshawishi mdogo ni nani hasa?

Katika biashara ya matangazo, jina hili hupewa mtu mwenye wafuasi kati ya 10,000 na 100,000, na walio chini ya hapo hutajwa kama kundi lao la peke yake. Kwa duka au karakana ya mji mmoja mpaka huo hauna maana kubwa. Msusi mwenye wafuasi 6,000 ambao wengi wao wanaishi umbali wa nauli ya bodaboda kutoka dukani kwako anaweza kukufaa kuliko mchekeshaji mwenye wafuasi 80,000 waliotawanyika nchi nne. Hapa chini neno mshawishi linamhusu yeyote mwenye wafuasi wachache wa kutosha kiasi kwamba bado anajibu jumbe zake mwenyewe.

2. Kwa nini idadi ya wafuasi pekee isitoshe kuamua?

Kwa sababu ndiyo namba rahisi kuliko zote kununua, na ndiyo namba isiyokueleza nani ataliona tangazo lako. Mtu akiweka video leo, mtandao hauipeleki kwa wafuasi wake wote. Huionyesha kwa sehemu yao na kwa watu wengine wasiomfuata, kisha huipanua au kuiacha kulingana na jinsi waliotangulia kuiona walivyoipokea. Mwenye wafuasi 48,000 anaweza kufikia watu 1,000, na mwenye wafuasi 9,400 akafikia 3,600.

Swali la kujiuliza ni hili: ni watu wangapi, walio mahali ninapoweza kupeleka bidhaa na wenye haja nayo, wataliona tangazo hili? Hesabu yake iko kwenye swali la 11.

3. Nianzie wapi kuwatafuta?

Anza na wateja ulionao. Waulize wanaokuja dukani ni nani wanayemtazama kwa mambo ya nywele, na andika majina yanayojirudia. Kisha fungua akaunti za saluni, wauza vitenge na wapika keki wa mji wako, uone ni nani wanayemtaja au anayewaachia maoni. Utafutaji wa mahali ndani ya Instagram nao husaidia: andika Tanga au jina la mtaa, utaona waliorekodi hapo. Orodha ya watu kumi inatosha kuanzia. Anayekujia mwenyewe na orodha ya bei kabla hujamuuliza si lazima awe mdanganyifu, ila asikurukishe hatua zinazofuata.

## Unachoweza kupima bila kuomba chochote

4. Nikifungua ukurasa wake, nitazame nini kwanza?

Chukua video zake kumi na mbili za mwisho, ukiziacha zile alizozibandika juu ya ukurasa, kwa kuwa hizo amezichagua zimpambe. Andika mara ambazo kila moja imetazamwa, uzipange kuanzia ndogo hadi kubwa, kisha tazama namba za katikati, ya sita na ya saba. Hizo ndizo zinazokuambia siku yake ya kawaida ikoje. Ukitumia wastani, video moja iliyolipuka itakudanganya: kumi na moja zenye kutazamwa mara 1,000 na moja yenye 61,000 zinatoa wastani wa 6,000, ilhali karibu kila siku yeye ni mtu wa 1,000.

Halafu tazama laiki zinavyopanda na kushuka. Watu wa kweli hawapendi kila kitu kwa kiwango kimoja. Video ya kumsuka mtoto itapendwa, picha ya chai ya asubuhi itapitwa. Ukikuta kila chapisho lina laiki kati ya 1,380 na 1,430, liwe zuri au baya, yaelekea zimenunuliwa kwa kifurushi. Alama nyingine nzito ni laiki kuzidi idadi ya kutazamwa: laiki 1,400 kwenye video iliyotazamwa mara 1,100 hazina maelezo ya kawaida.

Kumbuka tu kwamba tangu Mei 2021 Instagram humruhusu kila mtu kuficha idadi ya laiki zake. Kuficha si ushahidi wa hila, na ukikutana na aliyeficha, nenda moja kwa moja kwenye swali la 8.

5. Maoni ya chini ya chapisho yanaweza kunieleza nini?

Mengi kuliko laiki, ukiyasoma badala ya kuyahesabu. Maoni ya kweli hushika jambo lililomo ndani ya video: mtu anauliza bei, anabisha, anamtania mwenye akaunti kwa jina la utani, anauliza kama mafuta hayo yanafaa nywele zilizotiwa dawa. Maoni ya kununua yanafaa popote: mioyo, mioto, «nzuri sana», au sifa za Kiingereza chini ya video ambayo yote imesemwa kwa Kiswahili.

Kuna aina ya tatu ambayo huwapita wengi, nayo ni makundi ya kubadilishana. Washawishi ishirini au hamsini huwa na kundi la WhatsApp, mmoja akichapisha anatupa kiungo humo, na wenzake wanakimbilia kulaiki na kuandika. Ni watu kweli, wengine ni wa mji wako, na maoni yao yana maneno kamili. Utawatambua kwa mambo mawili yakiambatana: majina yaleyale kumi na tano yako kwenye kila chapisho, na wote wameandika ndani ya dakika chache za mwanzo. Fungua kurasa tano kati ya hizo. Ukikuta zote ni za washawishi, na mwenzetu naye yuko chini ya machapisho yao kwa mtindo uleule, umelipata kundi. Ndugu na marafiki nao hujirudia, lakini wao huandika saa yoyote na wengi wao hawauzi matangazo.

Uchache wa maoni peke yake usikukatishe tamaa. Katika bidhaa za mwili na nywele, wateja wengi wa kwetu hawapendi kuuliza hadharani, hivyo huenda inboksi au humtumia rafiki video hiyo. Idadi ya waliotuma na waliohifadhi, ambayo mwenye akaunti huiona kwenye takwimu zake, hueleza zaidi.

6. Je, wafuasi wasio na picha wala machapisho ni feki?

Si lazima, na hapa ndipo ukaguzi mwingi unapokosea. Watu wengi wa kawaida Tanzania na Kenya wana akaunti za kutazama tu. Picha ni ya ua, ya mtoto au ya kaburi la Mtume, jina si la kwenye kitambulisho, machapisho hakuna, na akaunti imefungwa. Mwanamke wa aina hiyo anaweza kuwa mteja wako bora, ila hataki kuonekana.

Akaunti ya kutilia shaka hukusanya dalili kadhaa kwa pamoja: jina ni herufi zisizosomeka zikifuatwa na tarakimu nyingi, inafuata maelfu ya watu bila mpangilio (ukomo wa Instagram ni 7,500), yenyewe inafuatwa na wachache mno, na wale inaowafuata hawana mji, lugha wala jambo linalowaunganisha. Mtazamaji wa kweli, hata aliyejificha, hufuata vitu vinavyoshikamana: saluni za Tanga, wasanii anaowapenda, shule ya watoto, mhubiri au shehe wake.

Fanya hivi. Chukua watu hamsini kutoka kwa waliolaiki machapisho matatu tofauti, si kutoka juu ya orodha ya wafuasi, kwa kuwa orodha hiyo hupangwa na mtandao na huenda usionyeshwe yote. Kwa kila mmoja jiulize tu kama anaowafuata wanashikamana. Kumi wasioeleweka kati ya hamsini ni jambo la kawaida kwa akaunti yoyote ya wazi. Thelathini ni habari nyingine. Mipaka hiyo ni ya uzoefu, si kanuni.

7. Kuna kiwango gani cha laiki au maoni kinachothibitisha ukweli?

Hakuna kinachofaa kila mahali. Asilimia zinazotajwa mitandaoni hutofautiana kwa nchi, kwa aina ya maudhui na kwa ukubwa wa akaunti, na muuzaji wa laiki anazijua vilevile na huuza kiasi kinachofika hapo. Njia yenye nguvu zaidi ni kulinganisha na majirani. Chagua akaunti tano za ukubwa na kazi inayofanana, katika mji huohuo, ambazo wewe au wateja wako mnawajua wenyewe, na uzipime kwa njia ya swali la 4. Anayekuwa mara nne chini ya wenzake au mara nne juu yao aulizwe sababu. Juu pia, kwa kuwa walionunua laiki huonekana hodari kupita kiasi.

## Kuomba takwimu na kuzisoma

8. Niombe nini, na niombeje bila kumvunjia heshima?

Akaunti ya Instagram iliyowekwa kama ya kitaaluma ina sehemu ya takwimu inayoitwa Insights, na kwenye TikTok sehemu hiyo iko ndani ya TikTok Studio. Mwenye akaunti peke yake ndiye huziona, kwa hiyo hakuna njia ya mkato. Ombi liwe mahususi na liwe la wote. Ujumbe wa namna hii huwa haumuudhi mtu:

> Habari dada. Mimi natengeneza mafuta ya nazi ya nywele hapa Tanga, na nimekuwa nikizifuatilia video zako. Ningependa tufanye kazi. Kabla hatujafika kwenye bei, naomba unioneshe takwimu za siku 30 zilizopita: watu uliowafikia, miji na nchi za wafuasi, umri na jinsia, pamoja na takwimu za video tatu nitakazokutajia. Tukionana ana kwa ana ni bora zaidi. Ikishindikana, nirekodie skrini ukianzia kwenye ukurasa wako. Ninawaomba hivi wote ninaozungumza nao. Ahsante sana.

Video tatu uzitaje wewe, na uchague za kawaida, si zilizolipuka. Atakayekataa kabisa kuonyesha miji ya wafuasi wake muache kwa amani, huna haja ya kumtuhumu.

9. Kwa nini nisikubali picha ya skrini?

Picha ya skrini hubadilishwa kwa dakika tano, na hata isipobadilishwa inaweza kuwa ya mwaka jana au ya akaunti nyingine. Rekodi ya skrini ni ngumu zaidi kuighushi iwapo itaanzia kwenye ukurasa unaoonyesha jina, ikaingia kwenye Insights mbele ya macho yako, ikachagua kipindi cha siku 30 na kushuka hadi kwenye miji bila kukatwa. Kukaa pamoja mkashika simu moja ni bora kuliko yote, na kwa mshawishi wa mji wako hilo halina gharama.

10. Nikiziona takwimu, nisome namba zipi?

Soma tatu, kwa mpangilio huu.

Ya kwanza ni miji na nchi. Mtu anayezungumza Kiswahili cha Tanga na kurekodi Tanga, lakini wafuasi wake wanaongozwa na miji ya mabara mengine ambako hana lugha wala ndugu, ana jambo la kueleza. Muuzaji wa wafuasi hana watu wa mtaa wa Tanga kama Chumbageni wa kuuza, yeye huuza akaunti alizonazo. Kwa hiyo mahali ni kipimo kigumu kukidanganya kuliko laiki. Maelezo halali yapo pia, nayo yako kwenye swali la 15. Na wafuasi wa Muscat au Minneapolis kwa mtu wa pwani huenda wakawa Waswahili walioko ughaibuni: wa kweli kabisa, ila hawatanunua chupa inayosafiri kwa basi.

Ya pili ni waliofikiwa, yaani watu na si mara za kutazama. Mtu mmoja akirudia video mara tano, mara za kutazama ni tano, mtu ni mmoja. Uliza hapo hapo kama kuna sehemu iliyotokana na matangazo ya kulipia, kwa kuwa Insights huzitenga. Aliyelipia tangazo la video yake hajafanya kosa lolote, lakini watu hao wamekuja kwa pesa, na siku ya video yako hawatakuwepo asipolipia tena.

Ya tatu ni muda wa kutazama. Kutazamwa kulikonunuliwa huongeza namba bila kuongeza muda, kwa sababu mashine hufungua na kuondoka. Video ya sekunde 40 iliyotazamwa mara 30,000 kwa wastani wa sekunde mbili, huku nyingine za mtu huyohuyo zikishikiliwa sekunde kumi na nne, haikutazamwa na watu wale wale. TikTok huonyesha wastani huo kwa kila video pamoja na asilimia ya waliofika mwisho, na kwa kuwa mtandao huo huwapelekea video wasiomfuata mtu kwa wingi, hapo muda na mahali vina uzito kuliko idadi ya wafuasi.

## Mfano wa hesabu

11. Nawezaje kulinganisha watu watatu wenye bei tofauti?

Karakana yetu ya Tanga imebaki na watatu. A yuko Dar es Salaam, ana wafuasi 48,000 na anataka shilingi 350,000 kwa video moja na stori tatu. B ni msusi wa Tanga mwenye wafuasi 9,400, anataka 120,000. C ni mwanafunzi anayechekesha, ana wafuasi 22,000 na anataka 200,000.

Kwa kila mmoja tunachukua waliofikiwa na video ya kawaida, tunazidisha kwa sehemu iliyoko Tanga na Dar es Salaam, kisha kwa sehemu ya wanawake, ambao ndio wanunuzi wa bidhaa hii. Bei tunaigawa kwa jibu.

A anafikia watu 1,000, asilimia 14 wako kwenye miji yetu na asilimia 60 ni wanawake. Wanabaki 84, kila mmoja kwa takribani shilingi 4,170. B anafikia 3,600, asilimia 68 wako kwenye miji yetu na asilimia 83 ni wanawake. Wanabaki kama 2,030, kila mmoja kwa shilingi 59. C anafikia 9,000, wengi kuliko wote, lakini asilimia 21 tu wako Tanga na Dar es Salaam, kwani wengi wako Mombasa na Nairobi, na wanawake ni asilimia 29. Wanabaki kama 550, kila mmoja kwa shilingi 365.

A ana laiki zisizobadilika na miji isiyoeleweka, kwa hiyo sehemu kubwa ya wafuasi wake ni wa kununua. C ni mkweli kabisa. Maoni yake yana uhai, muda wa kutazama ni mzuri, na angekuwa chaguo jema kwa muuza vocha wa Mombasa. Hafai tu kwa mafuta haya. Watu hufurahi kumnasa A na kusahau kumkataa C, ambaye hasara yake haina hila ndani yake na kwa hiyo haionekani mapema.

Hesabu hii ni ya kukadiria. Asilimia za miji ni za wafuasi wote, si za watazamaji wa video moja, na kuzidisha mji kwa jinsia huchukulia kwamba wanawake wametawanyika sawa kila mji. Tofauti ya 59 na 365 inavumilia makosa hayo. Tofauti ya 59 na 75 isingevumilia, na hapo ungewajaribu wote wawili.

## Kujaribu na kulipa

12. Nitajuaje kama mauzo yametoka kwake na si kwingine?

Mpe alama yake peke yake. Ambayo haimsumbui mteja ni kiungo cha WhatsApp chenye ujumbe ulioandikwa tayari, ambacho mshawishi anakiweka kwenye wasifu wake na kwenye stori. Weka namba yako mahali pa X, bila alama ya kujumlisha na bila sifuri ya mwanzo:

```
https://wa.me/255XXXXXXXXX?text=Habari,%20nimetoka%20kwa%20B
```

Anayebonyeza hukuta maneno hayo yamekwisha andikwa, akituma unajua alikotoka. Kwa wanaokuja dukani kwa miguu, neno la punguzo atakalolitaja B kwenye video hufanya kazi hiyohiyo, mradi muuzaji wako ameelekezwa aliandike daftarini na si kulisikia tu.

Hesabu kwa siku 14, kisha usiishie hapo. Tuseme B ameleta jumbe 37 na wanunuzi 19, na kila chupa inaacha faida ya shilingi 5,000. Hiyo ni 95,000, pungufu ya malipo yake ya 120,000. Chupa moja inamtosha mtu miezi miwili, na ukirudi daftarini baada ya muda huo ukakuta wanane wamenunua tena, faida imefika 135,000. Wafuasi wa kununua hawawezi kurudi mara ya pili, kwa hiyo marudio haya ni kipimo cha ukweli kuliko chochote kilicho kwenye simu.

13. Malipo niyapangeje?

Nusu kabla ya kurekodi, nusu baada ya kupokea takwimu za video hiyo siku ya saba, kwa rekodi ya skrini kama ilivyoelezwa kwenye swali la 9. Usifunge malipo kwa idadi ya laiki au ya kutazamwa. Ukimwambia mtu atalipwa akifikisha 5,000, umempa sababu ya kuzinunua, na atazinunua kwa sehemu ndogo ya pesa yako. Funga malipo kwa kazi iliyofanyika, na ukitaka kumpa motisha, mpe kamisheni kwa kila chupa iliyouzwa kupitia alama yake.

Mwambie pia atumie lebo ya Paid partnership na akutaje kama mshirika. Kanuni za Instagram zinaidai kwa tangazo lolote la kulipwa, na inakupa faida nyingine: takwimu za chapisho hilo, kama waliofikiwa, hukufikia kwenye akaunti yako ya biashara bila kupitia mikononi mwake.

## Hali zisizo za kawaida

14. Wafuasi wake wengi wametokana na mashindano ya zawadi. Hao ni feki?

Ni watu wa kweli waliokuja kwa ajili ya simu au jiko la gesi. «Fuata kurasa hizi sita, taja marafiki watatu» huleta kundi ambalo baada ya droo huondoka polepole au hubaki bila kutazama. Dalili ni mruko siku za shindano, kisha kushuka kidogo kidogo kwa wiki kadhaa. Mpime kwa video za baada ya kipindi hicho, na wafuasi hao wahesabu kama hawapo.

15. Nimeona mruko wa wafuasi 3,000 kwa siku moja. Alinunua?

Tafuta kwanza video ya siku hiyo. Tovuti kama Social Blade huonyesha mabadiliko ya kila siku ya akaunti za wazi, na mwenye akaunti anaweza kukuonyesha ya siku 90 kwenye Insights. Mruko wa kweli una chanzo kinachoonekana: video iliyolipuka, kutajwa na mtu maarufu, kuhojiwa redioni. Video ya kucheza isiyo na maneno inaweza kwenda nchi za mbali na kuleta wafuasi wa huko bila hila yoyote, na namba za kutazamwa za siku hizo zitaonyesha hivyo.

Mruko usio na video, unaofuatwa na kuvuja taratibu, ni wa kutilia shaka, kwa kuwa mitandao huondoa akaunti za uongo kila inapozigundua. Hata hivyo mtu anaweza kurushiwa roboti na mshindani au kwa bahati mbaya. Tofauti iko kwenye laiki: anayerushiwa huongezewa wafuasi tu, ilhali anayejinunulia kwa kawaida hununua na laiki ili uwiano usimuumbue. Na wauzaji wengine huingiza wafuasi mia kwa siku ili mstari upande kwa utulivu, kwa hiyo mstari mzuri haumsafishi mtu. Rudi kwenye miji.

16. Akaunti ina wafuasi wengi wa kweli, lakini haifanani na mwenyewe. Inawezekanaje?

Huenda imenunuliwa nzima. Ukurasa wa mashabiki wa mpira uliokuwa na watu 30,000 hubadilishwa jina na kuwa wa urembo. Kwenye Instagram bonyeza jina la akaunti, au vidoti vitatu juu ya ukurasa, kisha About this account. Utaona tarehe iliyofunguliwa, na mara nyingi nchi ilipo na kama iliwahi kubadilisha jina. Jina kubadilika mara moja ni kawaida. Machapisho ya kwanza kuwa ya miezi minne iliyopita kwenye akaunti ya mwaka 2017 kunahitaji maelezo, na asilimia 80 ya wanaume kwenye ukurasa wa kusuka kunamaliza mjadala.

17. Apu za kukagua wafuasi feki zinafaa?

Kama dalili ya mwanzo tu. Nyingi huhukumu kwa ukosefu wa picha, machapisho na shughuli, yaani mambo yaleyale yanayowaangusha watazamaji wetu wa kimya (swali la 6). Kwa hiyo huweza kumpa mkweli alama mbaya. Usitumie yoyote inayotaka nywila ya akaunti yako.

18. Kununua wafuasi ni kosa kisheria?

Ni ukiukaji wa masharti ya Instagram na TikTok kokote ulipo. Marekani, tume ya biashara ya serikali ya FTC ilifikia makubaliano mwaka 2019 na mmiliki wa kampuni ya Devumi, iliyokuwa ikiuza wafuasi wa uongo, kwa hukumu ya dola milioni 2.5. Kanuni yao iliyoanza kutumika Oktoba 2024 inakataza kuuza au kununua wafuasi wa namna hiyo kwa kujikweza kibiashara. Kwa mwenye duka la Tanga, kinga ya karibu zaidi ni makubaliano ya maandishi, hata kwa WhatsApp, yenye sentensi kwamba takwimu zilizoonyeshwa ni za kweli na kwamba zikibainika kuwa za uongo nusu ya pili hailipwi.

19. Alikiri kwamba alinunua zamani, lakini sasa ana watazamaji wazuri. Nimwache?

Hesabu haiangalii alichofanya miaka mitatu iliyopita. Mpime kwa swali la 11, ukitumia waliofikiwa na si wafuasi. Ikiwa namba inalipa, mpe kazi, ila bei ijadiliwe kwa waliofikiwa. Wafuasi 20,000 wa zamani wasiokuwepo wasiwe sehemu ya mazungumzo, na wengi waliokiri huwa hawabishani juu ya hilo.

20. Nimeshalipa kila kitu, ndipo nikagundua. Nifanye nini?

Mwombe takwimu za chapisho lako kwanza, kwa lugha ya kawaida. Zikionyesha ulichokishuku, pendekeza fidia ya kazi: stori za ziada hazitasaidia, kwa kuwa watazamaji hawapo, lakini video aliyorekodi inaweza kuwa nzuri. Omba ruhusa ya maandishi ya kuitumia kwenye ukurasa wako na kuilipia tangazo mwenyewe, ukichagua Tanga na Dar es Salaam, wanawake, na umri unaoutaka. Kumwanika hadharani kuache. Ushahidi wako ni wa takwimu, unaweza kuwa na maelezo usiyoyajua, na mji ni mdogo.